Saa ya Seti: Kazi ya Mwongozaji Msaidizi Kwenye Shuti Ndogo

Kaa siku nzima kwenye shuti ya filamu fupi, uandike kila kinachofanyika, na jioni utashangaa jinsi kamera ilivyorekodi kwa muda mfupi. Siku ya saa kumi na moja inaweza kuzaa dakika arobaini au hamsini za picha, pamoja na teki zote zilizoharibika. Saa nyingine zote zimekwenda kwenye kusogeza taa, kuvalisha, kupaka poda, kungoja bodaboda ipite, kujadili shoti inayofuata, na kumsubiri mtu ambaye kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwita. Ndiyo maana anayetaka kujua kwa nini shuti hii ilimalizika jua linazama na ile ikavuka usiku wa manane asihangaike sana na uigizaji. Aangalie kilichotokea kati ya shoti moja na nyingine, kisha aulize muda huo ulikuwa mikononi mwa nani.

Unapaswa kuwa mikononi mwa mwongozaji msaidizi. Kwenye filamu kubwa kazi yake hugawanywa: wa kwanza anaendesha seti, wa pili anaandaa ratiba ya kesho na kuhakikisha waigizaji wametoka kwenye mavazi na meikapu kwa wakati, wa tatu na vijana walio chini yake wanazuia njia na kuongoza watu wa nyuma. Kwenye shuti ya watu kumi na wanne mambo hayo yote ni ya mtu mmoja. Tena mara nyingi, Dar es Salaam na hata Nairobi, bajeti ikibana nafasi hii ndiyo ya kwanza kufutwa. Mwongozaji anasema ataita mwenyewe, au mpwa wa prodyuza anapewa jina la msaidizi kisha anabebeshwa mabegi.

Naliona hilo kuwa kosa la gharama kubwa. Filamu yenye fedha ikichelewa leo hurudi kesho. Shuti ndogo imekodi nyumba ya mtu kwa siku moja, kamera inarudi kwa mwenyewe kesho asubuhi, na mwigizaji mkuu ameomba ruhusa kazini. Haina kesho. Na mwongozaji hawezi kujishikia saa mwenyewe hata akiwa mahiri kiasi gani, kwa kuwa kazi yake inamtaka asahau saa. Akiwa anamtazama mama analia kwenye skrini ndogo, anatafuta kama kile kilio ni cha kweli. Ukimtaka wakati huohuo akumbuke kwamba mwigizaji wa sini ijayo bado hajapakwa poda, utapata mtu anayefanya kazi mbili nusu nusu.

Tuchukue siku moja tuifuate kwa undani, maana kazi hii haieleweki ikisimuliwa kwa juu juu. Filamu ni fupi, inapigwa katika nyumba ya familia Magomeni, mwezi wa Julai, siku ya Jumanne. Kuna sini tatu. Ya kwanza iko uani asubuhi: mama na binti wanapika na kuzozana, ukurasa mmoja na nusu. Ya pili iko sebuleni: mjomba amekuja na habari ya posa, watu wanne wamekaa, kurasa mbili kamili za maneno. Ya tatu iko kibarazani jua likizama: binti anaondoka na begi, hakuna neno linalosemwa, robo tatu za ukurasa.

Waongozaji wasaidizi wamezoea kuugawa ukurasa wa skripti vipande vinane na kuhesabu siku kwa vipande hivyo, kwa kukadiria kwamba ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Hesabu hiyo inafaa kwa kuanzia, lakini kwenye shuti ndogo inadanganya. Mstari mmoja unaosema kwamba vijana wanapigana sokoni ni kipande kimoja cha nane na unaweza kula nusu siku, wakati kurasa mbili za watu wawili kwenye kochi zinaweza kwisha kwa saa mbili. Kinachokula muda ni kuihamisha kamera na taa. Kwa hiyo mwongozaji msaidizi makini, baada ya kuipasua skripti na kuandika kila sini inahitaji nani, nguo gani, vitu gani na mwanga gani, hukaa na mwongozaji pamoja na mpigapicha mkuu wakahesabu shoti.

Katika siku yetu mwongozaji amekuja na orodha ya shoti kumi na tano: tano uani, saba sebuleni, tatu kibarazani. Kwa kikundi kidogo chenye fundi mmoja wa taa na msaidizi wake, nusu saa kwa kila shoti, kuanzia kupanga hadi teki ya mwisho, ni makadirio ya haki. Kumi na tano mara nusu saa ni saa saba na nusu. Kuhama kutoka uani kwenda sebuleni kunahitaji dakika 45, kwa sababu taa zinafungwa ndani na madirisha yanafunikwa. Kutoka sebuleni hadi kibarazani ni nusu saa. Jumla ni saa nane na dakika 45.

Sasa ageukie upande wa pili wa hesabu, yaani muda uliopo. Watu wanaitwa saa 1:00 asubuhi, na mpango wa shoti, kwa haki, unaweza kuanza saa 2:30. Katikati ya Julai jua la Dar es Salaam linazama mnamo saa 12:22 jioni, na huku kwetu karibu na ikweta giza halichelewi: dakika ishirini na kitu baada ya hapo mwanga umekwisha kabisa. Ukitoa saa moja ya chakula, kutoka saa 2:30 hadi machweo kuna saa nane na dakika 52. Mpango mzima umebakiza dakika saba. Kwenye karatasi unatosha, na karatasi hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Dakika saba haziwezi kubeba hata kuchelewa kwa dereva mmoja.

Hapo ndipo kazi ya msaidizi inapoanza kuonekana, na inatokea wiki moja kabla ya shuti. Anakwenda kwa mwongozaji na hesabu mkononi, anamwambia kwamba siku hii inabeba shoti kumi na mbili, kisha anamwachia yeye achague zipi. Kuchagua si kazi ya msaidizi. Mwongozaji anaitoa shoti moja ya uani na mbili za sebuleni ambazo, akifikiri vizuri, zilikuwa za kujihami tu. Kumi na mbili mara nusu saa ni saa sita, ongeza kuhama saa moja na robo, na sasa siku ina akiba ya zaidi ya saa moja na nusu.

Swali linalofuata ni kuiweka wapi akiba hiyo, na hapa ndipo ninapomtofautisha anayeijua kazi na anayejaza jedwali. Wengi huiacha mwisho wa siku. Lakini mwisho wa siku yetu ni jua, na jua halina akiba. Dakika za ziada zilizopangwa baada ya machweo hazina thamani yoyote kwa sini ya machweo. Akiba inawekwa kabla ya kitu kisichoweza kusogezwa. Kwa hiyo uani saa 2:30 hadi 4:30, kuhama hadi 5:15, sebuleni shoti mbili kabla ya chakula, chakula saa 6:30, sebuleni shoti tatu kuanzia 7:30 hadi 9:00 alasiri, kuhama hadi 9:30. Maandalizi ya kibarazani yanaanza saa 10:45, shoti ya kwanza inarekodiwa saa 11:15 na ya tatu kabla tu ya jua kuzama. Kati ya 9:30 na 10:45 hakuna kitu kilichopangwa. Saa hiyo moja na robo ndiyo bima ya siku nzima.

Kuna sababu nyingine ya kuweka chakula saa 6:30. Julai adhana ya adhuhuri hapa jijini inaingia karibu na wakati huohuo, na Magomeni misikiti haiko mbali wala haianzi kwa sekunde moja. Fundi wa sauti hawezi kurekodi maneno hapo kwa dakika kadhaa, na wenzetu wanaokwenda kuswali wanahitaji nafasi yao kwa heshima. Ukiweka chakula hapo, adhana, sala na kula vinakaa pamoja na hakuna anayekimbizwa. Adhana ya alasiri inaingia karibu saa kumi kasoro dakika kumi, ndani ya ile akiba. Ya magharibi inaingia na machweo yenyewe, ila sini ya kibarazani haina maneno. Siku yenyewe pia haikuangukia Jumanne kwa bahati, kwani Ijumaa mchana ingekuwa na hesabu nyingine kabisa. Msaidizi anayepiga Zanzibar ufukweni atafanya vivyo hivyo kwa maji kupwa na kujaa, kwa kuwa mchanga uliofanyia mazoezi asubuhi unaweza kuwa chini ya bahari mchana.

Mambo haya yanaingia kwenye karatasi ya ratiba ya siku, inayotumwa kwa simu jioni ya kabla yake, mapema kiasi kwamba mtu hajalala. Iwe ukurasa mmoja. Ioneshe kila mtu afike saa ngapi, sini zinavyofuatana, anwani ya nyumba na alama ya kuitambua, hospitali iliyo karibu, saa ya chakula na saa ya machweo. Kila mwigizaji apewe saa yake. Kumwita mjomba saa 1:00 asubuhi wakati sini yake ni ya saa 5:15 ni kumchosha bure, na mwigizaji aliyechoka kwa kusubiri anakuja kudai muda huo kwenye teki ya sita.

Sasa siku imefika. Kuita seti kuna mpangilio wake, na mpangilio huo haukutungwa kwa mbwembwe. Kwanza mwongozaji na waigizaji wanapitia sini huku wengine wote wakitazama, ili mpigapicha aone watasimama wapi na fundi wa sauti ajue nani anageuka upande gani. Msaidizi anaiongoza hatua hii kwa kuwaita wakuu wa idara waje waone, maana asiyeona mazoezi atauliza maswali baadaye, na kila swali lina dakika zake. Kisha waigizaji wanatoka kwenda kumalizia mavazi na meikapu, na seti inaachwa kwa fundi wa taa. Taa zikiwa tayari waigizaji wanarudi, wanafanya mazoezi na kamera, marekebisho madogo yanafanywa, ndipo inarekodiwa. Shuti nyingi ndogo zinavuruga mpangilio huu kwa kuwasha taa kabla ya mazoezi. Wanaweka taa dirishani, mama anaamua kukaa upande wa pili, na nusu saa imekwenda.

Wakati wa kurekodi ukifika, sauti inayosikika seti nzima ni moja, ya msaidizi. Anatangaza kuangalia kwa mwisho: mtu wa meikapu anafuta jasho, mtu wa mavazi ananyoosha kanga, kisha wanatoka. Anataka kimya, na kijana aliyesimama kwenye kichochoro anawazuia wapita njia kwa adabu. Anaita sauti, na fundi anajibu kwamba inaenda. Anaita kamera, na mpigapicha anajibu vilevile. Kibao kinasomwa, sini ya ngapi, shoti ya ngapi, teki ya ngapi, kinapigwa na kuondolewa. Kama kuna watu wa nyuma, msaidizi anawaanzisha yeye. Neno la kuwaanzisha waigizaji ni la mwongozaji, na neno la kukata ni lake pia.

Sauti ilianza kuitwa kabla ya kamera enzi za mkanda wa filamu, kwa sababu mkanda wa picha ulikuwa ghali kuliko wa sauti na hakuna aliyetaka kuuzungusha bure. Leo kadi ya kumbukumbu haina gharama hiyo, lakini utaratibu una faida nyingine. Kila jibu ni ushahidi kwamba idara ile iko tayari kweli. Asipojibu fundi wa sauti, msaidizi hasongi mbele kwa kudhani. Teki nzuri isiyokuwa na sauti ni hasara inayogunduliwa usiku, wakati nyumba imeshafungwa.

Mimi naamini dakika muhimu kuliko zote kwenye seti ni ile inayofuata baada ya mwongozaji kukata. Watu wanamtazama mwongozaji, mwongozaji anatazama skrini, mpigapicha anasubiri kuambiwa, fundi wa taa anatoa simu mfukoni. Kimya hicho kikiachwa kinakuwa dakika mbili, na kwa teki hamsini za siku ni saa moja na dakika arobaini, zaidi ya akiba yetu yote. Msaidizi anatakiwa awe tayari amesimama karibu na mwongozaji na kumuuliza kwa sauti ya chini: tunarudia au tunaendelea? Akipata jibu analitangaza papo hapo pamoja na sababu inayomhusu kila mtu. Tunarudia, mama aanzie mlangoni, kamera palepale. Au: tumemaliza hapa, tunageuka upande wa mjomba, kamera inakwenda dirishani, baada yake ni shoti ya mikono. Kusema na inayofuata baada ya ile kunamwezesha fundi wa taa kuanza kufikiri mapema, na mtu wa vitu vya seti kutafuta kikombe kabla hakijaulizwa.

Jambo jingine la kuzoea ni kuuliza muda. Fundi wa taa akiombwa makadirio atasema dakika tano. Msaidizi anaandika muda aliopewa na muda halisi, na baada ya shoti tatu anajua kwamba dakika tano za fundi huyu ni kumi na mbili, na za mtu wa meikapu ni nane. Hamgombezi mtu kwa hilo. Anapanga kwa kipimo cha kweli. Na wakati wowote, mtu yeyote akiuliza tunasubiri nini, msaidizi awe na jibu la mara moja: tunasubiri taa, dakika kumi. Siku ambayo hana jibu, seti haina anayeiendesha.

Turudi Magomeni. Shoti ya kwanza ilitakiwa irekodiwe kwenye nafasi ya 2:30 hadi 3:00. Mama amechelewa kwenye meikapu, kazi ya uani inaanza saa 3:10. Hapo siku iko nyuma dakika arobaini, na saa 4:10 zimepigwa shoti mbili, zimebaki mbili. Kuna kishawishi cha kusema akiba ipo, tuitumie. Msaidizi anayeifahamu kazi haigusi akiba asubuhi kwa jambo linaloweza kutatuliwa asubuhi. Fundi wa taa akiwa anahamisha kiakisi, anamvuta mwongozaji pembeni.

“Kaka, tuko nyuma dakika arobaini. Hapa umebakiwa na shoti ya mama peke yake na ya binti peke yake. Nikikupa zote mbili, sebuleni utapata shoti moja tu kabla ya chakula.”

“Zote nazihitaji, dada. Ugomvi wenyewe uko kwenye nyuso zao.”

“Sawa. Je, binti akisogea jikoni kwenye sentensi ya tatu, kamera ikawa nyuma ya bega la mama, hutawapata wote kwa mpigo mmoja? Mpigapicha anasema inawezekana.”

Mwongozaji anafikiri, anakubali. Shoti mbili zimekuwa moja. Saa 4:40 uani kumekwisha, saa 5:25 sebuleni kuko tayari, na kabla ya chakula zimepigwa mbili kama ilivyopangwa. Angalieni alichokifanya. Hakuzungumza mbele ya watu, kwa sababu mwongozaji aliyeambiwa hadharani kwamba amechelewa hujitetea badala ya kufikiri. Alikuja na namba, akaja na gharama ya kila njia, na alikuwa ameshamuuliza mpigapicha kabla ya kupendekeza. Na alikuja saa 4:10, wakati bado kulikuwa na cha kuchagua. Msaidizi anayekuja na habari hiyohiyo saa 11:00 jioni haleti uamuzi, analeta msiba.

Mchana umeme unakatika saa 8:10, katikati ya maandalizi ya shoti ya pili baada ya chakula. Jenereta ya kukodi inafika na kuwekwa mbali, nyuma ya ukuta wa jirani ili isisikike, na taa zinawaka tena saa 9:00. Shoti mbili zilizobaki zinaisha saa 10:00, kuhama kunaisha 10:30. Maandalizi ya kibarazani ni 10:45. Wamefika na robo saa mkononi, wanaitumia kufanya mazoezi ya binti na begi. Kama asubuhi wangeila nusu saa ile waliyookoa kwa kuunganisha shoti, wangetoka nje saa 11:00, wakarekodi ya kwanza 11:30, ya pili 12:00, na ya tatu ingedondokea baada ya jua kuzama. Filamu ingekosa picha yake ya mwisho kwa sababu ya poda ya asubuhi, na jioni ile kila mtu angelaumu umeme.

Kuna mpaka ambao saa haina haki ya kuuvuka. Tarehe 20 Februari 2014, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kikundi kilichokuwa kikipiga filamu iitwayo Midnight Rider kiliweka kitanda juu ya reli kwenye daraja la mto Altamaha. Kampuni ya reli ilikuwa imekataa kutoa ruhusa. Treni ilikuja, watu hawakuwa na muda wa kutosha kukimbia, na Sarah Jones, msaidizi wa kamera mwenye umri wa miaka 27, akafariki. Mwongozaji alifungwa jela, na mwongozaji msaidizi wa kwanza naye alitiwa hatiani na mahakama akapewa adhabu ya kuwa chini ya uangalizi kwa miaka kumi. Hukumu hiyo inakumbusha kile ambacho kila mwenye kazi hii anapaswa kukijua: anayeita seti ndiye anayewaambia watu ni salama kusimama pale.

Shuti ndogo za kwetu haziendi sana kwenye madaraja ya reli, lakini zina hatari zake. Kuna jiko la mkaa linalowashwa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya taa. Kuna nyaya za umeme zinazopita kwenye uwanja uliomwagiwa maji, na mwigizaji anayepandishwa bodaboda bila kofia kwa kuwa kofia inaficha uso. Kila asubuhi kabla ya shoti ya kwanza msaidizi anawakusanya watu wote kwa dakika tatu, anataja hatari ya siku hiyo kwa jina na nini kifanyike. Kama barua ya serikali ya mtaa au kibali cha Bodi ya Filamu kinahitajika na hakipo, anasema hapigi hapo. Na ingawa kukata ni kwa mwongozaji, pakitokea hatari mtu yeyote anaweza kupaza sauti na kamera isimame. Msaidizi alitangaze hilo mwenyewe, maana kijana wa taa aliyeajiriwa kwa mara ya kwanza hatathubutu bila kuruhusiwa.

Mipaka mingine ni ya heshima ya kazi. Msaidizi hampi mwigizaji maelekezo ya kuigiza, hata akiona wazi kwamba teki ilikuwa baridi. Akianza hivyo mwigizaji anakuwa na waongozaji wawili na hasikilizi hata mmoja. Haamui pia kuongeza saa za kazi. Siku ikielekea kuzidi anampelekea prodyuza taarifa mapema, na prodyuza ndiye anayejua kama ana fedha za usafiri wa usiku na chakula cha pili. Na kama kikundi ni kidogo kiasi kwamba lazima mtu abebe kazi mbili, basi maandalizi yote ya kabla ya shuti, kutafuta nyumba, kupanga magari, kupiga simu, yanaweza kuwa ya msaidizi. Siku ya shuti abaki na moja. Nimeona wanaomfanya msaidizi awe pia mtunza mwendelezo, na matokeo yake ni yaleyale: akitazama kama kikombe kiko mkono wa kushoto, saa imemponyoka. Akitazama saa, kikombe kimehama.

Jua likishazama Magomeni msaidizi anatangaza kwamba siku imekwisha, na kabla hajawashukuru watu anahakikisha fundi wa sauti amerekodi nusu dakika ya kimya cha sebuleni na kibarazani, kwa ajili ya mhariri. Kadi zinanakiliwa mara mbili kabla ya kufutwa, na mwenye nyumba anapitishwa vyumbani aone kila kitu kimerudi mahali pake. Kisha msaidizi anaandika ripoti: watu waliitwa saa ngapi, kazi ilianza saa ngapi, chakula saa ngapi, shoti ngapi zimepigwa kati ya zilizopangwa, umeme ulikatika kutoka saa ngapi hadi saa ngapi, nini kinadaiwa. Kwenye ripoti ya leo ataandika kwamba shoti kumi na mbili zilizopangwa zimekuwa kumi na moja, mbili za uani zikiunganishwa, na kwamba meikapu ya mama ilihitaji saa moja na dakika arobaini badala ya saa moja. Mama huyo ana sini nyingine Alhamisi, na kwenye karatasi ya siku hiyo ataitwa saa 12:20 asubuhi.